Kisigino kikavu, vidole vyenye unyevu: kutunza ngozi ya miguu ukiwa na kisukari Dar es Salaam

Mguu wa mtu mwenye kisukari anayeishi Dar es Salaam mara nyingi huwa na matatizo mawili yanayopingana. Kisigino kinakauka mpaka kinapasuka, na hapohapo katikati ya vidole kuna unyevu usiokwisha. Mafuta yanayokiponya kisigino yakiingia katikati ya vidole yanalea fangasi. Ukiamua usipake chochote ili vidole vikauke, kisigino kinafunguka na vijidudu vinapata mlango. Kwa hiyo mwongozo huu unaufuata mguu tangu kisigino hadi kwenye vidole, kisha unaeleza la kufanya ngozi ikishapasuka. Sehemu nyingine za mwili nitazigusa pale zinapohitaji jambo la pekee.

Anza na sababu, maana ndiyo inayoamua upake nini na wapi. Ngozi ya unyayo haina tezi za mafuta. Kinachoilainisha ni jasho, na jasho huamrishwa na mishipa ya fahamu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa hiyo huharibika, na ile mirefu inayofika miguuni ndiyo hutangulia. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu amesimama kituoni Mbagala saa nane mchana, shati limelowa mgongoni, lakini akivua viatu nyayo zake ni kavu na zina ukungu mweupe. Hilo si suala la usafi. Ni dalili kwamba mishipa ya fahamu imeguswa, na mara nyingi mishipa inayoleta hisia za maumivu imeguswa pamoja nayo.

Hatua ya kwanza: pima kama mguu bado unasikia

Kipimo hiki hakihitaji kifaa, kinahitaji mtu mmoja wa nyumbani. Kaa kitandani au lala chali, vua viatu na soksi, funga macho. Mwenzako aguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi sana, ncha ya kidole gumba cha mguu wako wa kulia, kisha kidole cha mwisho cha mguu huohuo. Ahamie kushoto: gumba, halafu kidole cha mwisho. Amalizie kidole cha katikati cha kulia na cha katikati cha kushoto. Jumla ni miguso sita, kila mmoja sekunde moja hadi mbili. Asibonyeze, asitekenye, na akiona umenyamaza asirudie palepale. Wewe kila unaposikia, sema "kulia" au "kushoto".

Ukikosa miguso miwili au zaidi, uchukulie mguu wako kuwa umepungukiwa hisia, hata kama hujawahi kulalamika ganzi. Watu wengi hushangaa hapa, kwa sababu wanatembea vizuri na hawaumwi popote. Kutoumwa ndiko tatizo lenyewe. Kuanzia siku hiyo macho na mikono ndiyo itakayofanya kazi iliyokuwa ikifanywa na maumivu. Kliniki watarudia kipimo kwa uzi mgumu wa nailoni na watatafuta mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Omba kipimo hicho angalau mara moja kwa mwaka, na kama umeshakosa miguso au umewahi kuwa na kidonda, uliza urudi kila baada ya miezi mingapi. Usiishie kupimwa sukari na kuchukua dawa huku viatu viko mguuni.

Hatua ya pili: kuosha, na zaidi kukausha

Osha miguu kila jioni kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu. Yakiwa yamechemshwa, pima kwa kiwiko cha mkono, usipime kwa mguu, kwani mguu uliokufa ganzi unaweza kuingia kwenye maji ya kuunguza bila kukuambia. Usiiloweke miguu kwenye beseni kwa muda mrefu, hata maji yakiwa na chumvi au dawa. Kuloweka kunaonekana kama kulainisha, lakini ngozi ikitoka humo hukauka zaidi, na katikati ya vidole hulegea na kuchanika kirahisi.

Tumia sabuni ya kuogea isiyo kali. Sabuni ya mche inafaa nguo, kwa ngozi iliyokwisha kauka inazidisha. Wanaooga maji ya kisima, na mitaa mingi ya Dar es Salaam maji ya kisima yana chumvi, wajisuuzie miguu mwishoni kwa kata moja ya maji baridi yasiyo na chumvi kama yapo. Dodoki gumu liwe la mgongo, lisifike mguuni.

Sasa kukausha, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko penginepo. Chukua kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa, kwa sababu kanga iliyozeeka hunyonya maji vizuri na hupita kirahisi kuliko taulo nene penye nafasi ndogo. Kipitishe katika kila nafasi kati ya vidole, nafasi nne kila mguu, kwa kugandamiza na si kwa kuvuta huku na huko. Nafasi ya mwisho, kati ya kidole cha nne na cha tano, ndiyo imebana zaidi na ndiko fangasi huanzia mara nyingi. Ipanue kwa vidole vya mkono uione kwa macho.

Kwa anayeswali swala tano, miguu inalowa mara tano, kuoga hakujahesabiwa. Udhu wenyewe hauna neno. Unyevu unaobaki ukivaa soksi na viatu vya kufunika ndio unaoleta shida. Weka kitambaa kidogo kikavu mfukoni au kwenye mkoba, jifute katikati ya vidole kila baada ya udhu, na ukibadilishe kila siku. Nenda na kandambili zako mpaka penye bomba, usikanyage sakafu ya maji inayokanyagwa na watu mamia. Ukishakuwa na kidonda kilichofungwa bendeji, muulize imamu wako kuhusu kupangusa juu ya bendeji au kutayamamu, ili usilazimike kufungua kidonda mara tano kwa siku.

Hatua ya tatu: mafuta yakae mahali pake

Ukishakausha, paka mafuta ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado laini, maana kazi ya mafuta mengi tunayotumia ni kufungia ndani unyevu uliopo. Kiasi cha punje moja ya harage kinatosha kisigino kimoja na unyayo wake. Anza kisiginoni, sugua taratibu kuelekea mbele, panda juu ya wayo na kwenye muundi. Ukifika kwenye mzizi wa vidole, simama. Ncha za vidole unaweza kuzipaka kidogo, lakini katikati ya vidole pasiguswe na mafuta ya aina yoyote.

Vaselini ya kawaida isiyo na manukato inafaa na bei yake ni nafuu. Mafuta ya nazi yanafaa pia kwa ukavu wa kawaida. Kisigino kigumu chenye magaga kinafaidika zaidi na krimu yenye yurea asilimia 10, ambayo huvuta maji kwenye ngozi na kulegeza gamba. Uliza duka kubwa la dawa. Yurea ikipakwa kwenye mpasuko ulio wazi huwasha, kwa hiyo paka kwenye ngozi nzima tu. Paka asubuhi na usiku, na usiku vaa soksi nyepesi za pamba ili usiteleze ukiamka kwenda chooni. Ukifanya hivyo kila siku, kisigino huanza kulainika baada ya wiki mbili hadi nne. Usikate tamaa siku ya tano.

Gamba likiwa nene, jiwe la kusugulia miguu linaruhusiwa kwa mtu ambaye mguu wake unasikia na hauna mpasuko. Asugue taratibu, mara moja au mbili kwa wiki, ngozi ikiwa na maji, na aache kabla ngozi haijawa nyororo kabisa. Kama ulikosa miguso kwenye kipimo cha kwanza, usisugue mwenyewe. Sugu nene chini ya wayo inaweza kuwa imefunika kidonda, na inatakiwa kupunguzwa na mhudumu wa afya kwa kifaa safi. Wembe usiutumie kabisa, wala dawa za maji au plasta za kuunguza sugu. Zile zina asidi isiyochagua kati ya gamba na nyama hai. Vijana wanaopita mitaani na vikapu vya rangi za kucha wanafanya kazi yao kwa bidii, ila kifaa kilekile kinahama mguu hadi mguu bila kuchemshwa. Wakupake rangi ukipenda, wasikukate kucha, wasikukwangue kisigino. Na rangi yenyewe iwe ya kuvuliwa mara kwa mara, kwa kuwa inaficha kucha iliyoanza kubadilika.

Jambo moja la pembeni ambalo haliko mguuni peke yake: mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali. Hizo huipunguza ngozi unene na kuzidi kuchelewesha kupona, zinaficha fangasi wakiendelea kutambaa chini yake, na zikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu zinaweza kupandisha sukari yenyewe. Kama sukari haishuki na dawa unameza vizuri, mwambie daktari wako kwa siri unachopaka.

Hatua ya nne: ukaguzi wa kila jioni

Fanya ukaguzi kabla ya kupaka mafuta, penye mwanga wa kutosha au kwa tochi ya simu. Weka kioo sakafuni na ushikilie mguu juu yake, uone unyayo wote. Kama goti haliruhusu au macho yameshapungua nguvu, mpe mjukuu kazi hiyo na umwambie aseme kila anachokiona, hata kidogo.

Fuata njia ileile kila siku ili usiruke mahali: kisigino, ukingo wa nje wa wayo, chini ya mizizi ya vidole, ncha za vidole, kucha, kisha nafasi nne za katikati, mwisho juu ya wayo mpaka kifundo. Unatafuta mpasuko, lengelenge, sehemu iliyochubuka, kucha inayoingia nyamani, doa jeusi au la zambarau chini ya sugu, majimaji kwenye soksi. Soksi nyeupe au za rangi hafifu zinasaidia sana hapa, kwani doa la damu au usaha linaonekana kwenye soksi kabla hujaliona mguuni.

Vipeperushi vingi vinasema utafute wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Badala yake sehemu yenye uvimbe huwa na rangi iliyokoza kuliko jirani yake, huvutika na kung'aa, na huwa na joto. Kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja: gusa mahali pamoja mguu wa kulia, kisha palepale mguu wa kushoto. Miguu miwili ya mtu mmoja hulingana joto. Upande mmoja ukiwa na joto zaidi, kuna jambo. Mguu ukivimba wote na kuwa wa moto bila kidonda chochote, hata kama hauumi, acha kuutembelea na nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda mifupa ndani inavunjika taratibu, na kila hatua unayopiga inaiharibu zaidi.

Ukaguzi una nusu yake ya asubuhi: ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Tafuta kokoto, msumari uliopenya soli, mshono uliokunjika. Viatu vya mtumba vinaweza kuwa vizuri kabisa, ila vimeshakaa umbo la mguu wa mtu mwingine, kwa hiyo chunguza soli ya ndani ambako vimebonyea. Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na viwe vimepita kidole kirefu kwa upana wa kidole gumba cha mkono. Kandambili zina tatizo lake: kamba ile inasugua kati ya kidole gumba na cha pili, na nyayo hazishikiki, kwa hiyo mtu hukunja vidole kila anapopiga hatua. Zibaki za bafuni. Kwa kutembea tafuta makobazi au viatu vyenye mikanda inayofungwa nyuma. Na kwenye bodaboda, angalia mguu wako uko wapi na bomba la moshi liko wapi. Abiria mwenye ganzi anaweza kuungua muundi toka Kimara hadi Ubungo akajua anapofika nyumbani.

Kucha kata kufuata mstari ulionyooka, usichimbe kona. Zikiwa nene mno au huzioni vizuri, akate mtu mwingine mwenye kikata kucha chako mwenyewe.

Fangasi

Fangasi wa vidoleni huanza na ngozi iliyonyauka, nyeupe, laini kama iliyolowekwa, inayobanduka. Huwasha kwa mwenye hisia. Kwa asiye na hisia haiwashi, na ndiyo sababu inaonekana kwa macho tu. Hatari yake kubwa si fangasi wenyewe. Ile ngozi ikichanika, bakteria huingia na kupanda juu ya wayo.

Dawa ya mwanzo ni krimu ya klotrimazoli asilimia 1, ipo karibu kila duka la dawa. Osha, kausha kabisa, paka utando mwembamba mara mbili kwa siku kwenye ngozi iliyoathirika na sentimita moja au mbili kuizunguka. Krimu hii ndiyo pekee inayoruhusiwa kuingia katikati ya vidole, na hata hiyo iwe kidogo inayopotea ngozini. Wengi huacha baada ya siku nne, muwasho ukishaisha, na mwezi unaofuata wanarudi dukani. Endelea wiki nne, au wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Usikubali krimu za mchanganyiko zenye steroidi ndani ambazo muuzaji anakupa kwa sababu "zinafanya kazi haraka". Zinazima muwasho haraka, fangasi wanabaki. Kama baada ya wiki mbili hakuna nafuu yoyote, acha kubahatisha na umwone daktari, pengine si fangasi.

Wakati wa masika usivae kiatu kimoja siku mbili mfululizo. Kiatu kilicholoa Jangwani jana, leo kiwe juani. Soksi zibadilishwe zikilowa, hata mara mbili kwa siku.

Kucha zilizokuwa za njano, nene na zinazomeguka ni fangasi wa aina ngumu zaidi. Krimu haipenyi. Zinahitaji vidonge kwa miezi, na vidonge hivyo vinaweza kugusa ini na kugongana na dawa nyingine, kwa hiyo ni uamuzi wa daktari.

Fangasi wengine wa kisukari hupenda mikunjo: chini ya matiti, kinenani, chini ya tumbo, sehemu za siri za wanawake na chini ya govi kwa mwanaume asiyetahiriwa. Hapo ngozi huwa mbichi, inang'aa, na pembeni kuna vipele vidogo vilivyojitenga. Klotrimazoli inafanya kazi pia. Fangasi wakirudi mara kwa mara sehemu hizo, pima sukari, kwani sukari ikiwa juu ndiyo huwastawisha. Kama umeanzishiwa vidonge vinavyotoa sukari kupitia mkojo, kwa mfano dapagliflozini au empagliflozini, mwambie aliyekuandikia, maana vinajulikana kuongeza fangasi wa sehemu za siri. Usiache dawa kimyakimya.

Ngozi ikishapasuka

Jeraha la mgonjwa wa kisukari huchelewa kwa sababu tatu zinazokutana: damu inafika kwa shida kwenye mishipa iliyosinyaa, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu hufanya kazi kwa uzito sukari ikiwa juu, na mguu usio na maumivu unaendelea kukanyagwa. Ya tatu ndiyo iliyo mikononi mwako zaidi. Kidonda cha unyayo kinachotembelewa hakifungi, hata ukipewa dawa bora zilizopo nchini.

Ukikuta jeraha, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kidogo, kausha pembeni, funika kwa shashi safi kavu, funga bendeji isiyobana, punguza kutembea. Kisha nenda zahanati au kituo cha afya ndani ya saa ishirini na nne, na uulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Usimwagie spiriti wala Jiki, usipake dawa ya meno, mafuta ya breki, majivu, wala unga wa kapsuli uliyoifungua. Spiriti na Jiki huua nyama changa inayojaribu kuota, na unga wa kapsuli hufanya gamba juu huku usaha ukibaki chini.

Kuna mtego mmoja unaogharimu watu miguu hapa mjini, nao ni kadi ya kliniki. Mtu ana kidonda Jumatano, kadi inasema arudi tarehe 20 mwezi ujao, anasubiri tarehe yake. Kidonda hakina tarehe ya kliniki. Kama kuna usaha, harufu, ngozi iliyokufa na kugeuka nyeusi, joto linalosambaa zaidi ya sentimita mbili toka pembeni mwa kidonda, homa au kutetemeka, usipitie zahanati. Nenda moja kwa moja hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke, Amana au Mwananyamala, kwa ile iliyo karibu nawe, hata usiku.

Huu hapa mfano ninaoutumia kufundishia, wa mama wa Tandika, miaka 58, anayekaanga chapati kibarazani, mwenye kisukari kwa miaka 11. Jumatatu binti yake aliona weupe kati ya kidole cha nne na cha tano cha mguu wa kushoto. Haukuwasha, mama akapaka vaselini kwa kuona ngozi inabanduka. Ijumaa weupe ule ulikuwa umechanika, mstari mfupi usiozidi urefu wa punje ya mchele. Jumapili mvua ilinyesha, akaenda na kurudi ibadani kwa kandambili kwenye matope. Jumatatu asubuhi kipimo cha sukari kabla ya kula kilisoma 14.6, wakati kwa kawaida yake ni 8. Akadhani ni wali wa jana. Jumanne kiatu hakikuingia, akapelekwa kutibiwa.

"Mama, mguu umeanza kuuma lini?" aliulizwa.

"Hauumi, mwanangu. Umevimba tu."

Sukari ile ya Jumatatu ndiyo ilikuwa taarifa ya kwanza. Maambukizi hupandisha sukari kabla mtu hajahisi lolote, kwa hiyo namba ikiruka bila sababu, vua viatu uangalie miguu kabla ya kulaumu chakula. Mgongo wa kiganja ulionyesha joto juu ya wayo wa kushoto, kulia kulikuwa kwa kawaida. Mapigo ya damu yalipatikana, na hiyo ilikuwa habari njema. Jeraha lilisafishwa, akapewa antibiotiki ya kumeza hadi iishe, klotrimazoli mara mbili kwa siku, kipande cha shashi kavu cha kutenganisha vile vidole viwili, na dawa za sukari zikarekebishwa. Agizo gumu kwake lilikuwa kuacha kusimama jikoni. Binti alikaanga, mama alikanda unga akiwa amekaa, mguu juu ya kigoda. Uvimbe ulishuka siku ya nne, ngozi ikafunga wiki ya tatu, klotrimazoli ikaendelea wiki mbili zaidi.

Angalia ni wapi ingewezekana kuzuia. Jumatatu ya kwanza ilihitaji klotrimazoli badala ya vaselini. Ijumaa ilihitaji zahanati. Jumapili ilihitaji kiatu cha kufunga na kukausha miguu baada ya matope. Na asingefika Jumanne, maambukizi yale yangeweza kuzama kwenye mfupa, na huko matibabu huwa ya wiki nyingi na mara nyingine kidole hukatwa.

Kwa kidonda kinachotibiwa, piga picha kwa simu kila Jumatatu, umbali uleule, ukiweka rula au sarafu ya shilingi 200 kando yake. Kikiwa hakijapungua nusu ya ukubwa baada ya wiki nne, hata kama kinaonekana kisafi, omba rufaa. Huenda damu haifiki, huenda mfupa umeguswa, huenda unakitembelea. Mguu wa baridi unaouma ukilala na kupata nafuu ukiuning'iniza kitandani unaonyesha damu haifiki, na huo haungoji wiki nne. Anayevuta sigara ajue kwamba kila moja inazidi kuibana mishipa hiyohiyo.

Usiku, na mikono

Panya ni jambo la kweli hapa. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Mguu usio na hisia hauamki. Osha miguu isibaki na harufu ya chakula, ingiza chandarua chini ya godoro pande zote, ziba matundu ya ukuta na dari, na kama nyumba ina panya lala na soksi. Ukaguzi kwa mtu wa namna hiyo ufanyike na asubuhi pia.

Mikono nayo isisahauliwe. Kati ya mwaka 1998 na 2002 madaktari walifuatilia Dar es Salaam wagonjwa wa kisukari waliopata maambukizi makali ya mkono yaliyoanzia kwenye mkwaruzo mdogo au kuumwa na mdudu, na waliochelewa kufika hospitali ndio walioumia zaidi. Anayepara samaki Feri, anayemenya mihogo, anayefua kwa mikono, ajikague vidole vya mkono anapojikagua miguu. Kiganja kikivimba baada ya mchubuko, saa za kusubiri ni zilezile za mguu: ishirini na nne ukiwa huna homa wala usaha, na hakuna kusubiri kabisa ukiwa navyo.